Unga huu si wa bukari



Soma kwanza maneno haya: "Fungua, tazama, kisha choma." Yaliandikwa kwa Kiswahili katika karatasi ya mafundisho ya kiwanda kimoja cha simenti, kwa ajili ya vijana wanaoanza kazi ya furu. Kijana mumoja aliyafuata neno kwa neno. Wakamuleta kwangu dispanseri, shingo na mukono wa kuume vimeungua. Akaniambia: "Munganga, nilifanya vile karatasi ilisema." Alisema kweli. Karatasi ndiyo ilikosa.

Tangu siku ile ninaombwa kusoma karatasi za namna hii kabla hazijagawiwa. Wengi kati yenu munatumwa kujifunza kazi ya simenti, basi nataka muelewe maneno matatu yanayodanganya: unga, regari na baridi. Tutayafuata kwa njia ile ile jiwe linayopita.

UNGA

Mawe ya chokaa, udongo na kidogo cha mawe ya chuma vinaingia katika kinu cha kwanza. Kinu kinasaga, na hewa ya moto inayotoka furu inakausha. Kinachotoka ni vumbi laini sana. Kwa Kifaransa wanaliita unga mubichi, na sisi tumelitafsiri vile vile. Hakuna kosa hapo. Lakini kijana akisikia "unga" anawaza bukari, kitu ambacho mama anashika kwa mukono.

Sasa angalia unga huo unakwenda wapi. Unapandishwa juu ya munara, kisha unashuka kupitia sikloni, ndiyo mitungi mikubwa yenye umbo la kijazio cha mafuta: pana juu, nyembamba chini. Moshi wa furu unapanda, unga unashuka, na kila hatua unga unazidi kuwa moto. Ukifika sikloni ya chini una degre 800 na zaidi. Jina lake bado ni unga, lakini hautulii kama unga. Umejaa hewa ndani, unatiririka kama maji, unapita katika tundu dogo na kuingia ndani ya kiatu. Tena sehemu yake imekwisha kugeuka chokaa kali. Hivyo unaunguza mara mbili: kwa joto, halafu kwa chokaa ikikutana na jasho.

Kwa hiyo katika karatasi mupya hatuandiki tena "unga" peke yake. Kabla ya munara tunaandika "unga mubichi". Kutoka munara tunaandika "unga moto, degre 800, unatiririka kama maji". Ni maneno mengi, lakini kijana anajua anasimama mbele ya kitu gani.

REGARI

Pengine sikloni inaziba chini. Katika chumba cha kuongozea utaona kipimo cha mvuto chini ya sikloni kinaanguka karibu na sifuri, na joto la unga katika bomba la chini linashuka, kwa sababu hakuna kitu kinachopita. Lakini unga unaotoka juu unazidi kujaa. Kwa dakika chache tu zinakusanyika tani nyingi.

Ndipo watu wanapanda kuzibua. Karatasi ya Kifaransa ilisema wafungue regari kabla ya kuchoma kwa bomba la hewa, na ikaongeza wasisimame mbele ya regari. Karani aliyetafsiri alijua Kifaransa vizuri, lakini hakupanda munara hata siku moja. Katika kamusi, regari ni kutazama, ni macho. Basi akaandika: "Fungua, tazama, kisha choma." Na onyo akaliandika hivi: "Usisimame mbele ya macho ya watu." Kumbe kwa fundi, regari ni tundu dogo lenye kifuniko, la kuchungulia na kupitishia bomba.

Yule kijana alifungua, akainua kioo cha kofia yake, akainama atazame. Wakati ule ule unga ulianguka ndani na kusukuma hewa, na unga moto ukaruka nje kwa tundu. Aligeuza uso kwa bahati, macho yakapona. Alikaa hospitali wiki sita, na kiwiko chake hata leo hakinyooki vizuri.

Karatasi mupya inasema: "Tundu la kuchungulia. Simama kando yake, kamwe mbele yake. Kioo cha uso kimeshuka. Fungua tundu moja tu kwa mara moja." Na kabla ya hapo: chakula cha furu kimesimamishwa, kipepeo kikubwa bado kinavuta, mizinga ya hewa imefungwa kwa kufuli, na wazibuaji wamevaa nguo nzima za kukinga joto.

BARIDI

Chini ya munara iko furu yenyewe, bomba refu lililoinama kidogo na kuzunguka polepole. Karibu na moto, vitu vinafika degre 1.450 na kuwa klinka, vibonge vigumu vyenye rangi ya majivu. Klinka inaanguka katika mashini ya kupoza ikiwa bado na zaidi ya degre 1.200. Vipepeo vinapuliza hewa kutoka chini. Karatasi ya zamani iliita mashini hiyo "mahali pa baridi".

Hapana baridi pale. Hata mwisho wa mashini, kazi ikienda vizuri, klinka ina joto kama la maji yanayochemka, na bonge kubwa linaweza kuwa jekundu ndani wakati ngozi yake ni nyeusi. Tunaandika sasa "mashini ya kupoza klinka", na chini yake: "Kinachotoka bado kinaunguza."

Kuna sababu nyingine. Sikloni ikizibuka kwa ghafula, unga wote unashuka, unapita furu nzima kama mutoni uliofurika na kutokea katika mashini ya kupoza. Mutu aliye pale hasikii kelele za juu. Kwa hiyo kuzibua juu kunaanza kwa kuondoa watu chini: gorofa za chini, mbele ya furu, na pembeni ya mashini ya kupoza.

NAMNA YA KUJARIBU TAFSIRI

Ukipewa kazi ya kutafsiri, chukua karatasi, nenda mpaka kwenye kitu chenyewe, uulize wazee wa kazi wanakiita namna gani. Ukimaliza, usimuulize kijana kama ameelewa, maana atajibu ndiyo. Mwambie: "Nionyeshe utasimama wapi na utafanya nini kwanza." Yule kijana wetu angaliulizwa hivyo, angaliinama mbele ya tundu, na shefu angaliona kosa mbele ya ajali.

UNGA MOTO UKIMUPATA MWENZAKO

Mutoe pale ikiwa njia ni salama. Muvue nguo na viatu vilivyoshika unga, kungʼuta upesi unga mukavu uliobaki, kisha mwaga maji safi mengi juu ya ngozi kwa dakika 20. Macho vile vile, kope zimefunguliwa. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Wakati maji yanamwagika, mutu mwingine akimbie kuita dispanseri.