Lori Lililosimama Rada Hulisomaje?

Magari mengi madogo yanayotoka Japani siku hizi yana mfumo unaolifuata gari la mbele. Dereva anapanga mwendo, gari lenyewe linapunguza au kuongeza. Kwenye Toyota nyingi rada hukaa nyuma ya nembo ya mbele, na kamera hukaa juu ya kioo ikisoma mistari ya barabara.

Tuseme uko kati ya Mafinga na Makambako. Umepanga 80, na mbele lori la Tunduma linakwenda 50. Rada hutuma mawimbi yenye urefu wa milimita 4 hivi. Lori likiwa mita 60 mbele, mwangwi unarudi baada ya sehemu 4 za sekunde iliyogawanywa mara milioni 10, na muda huo ndio unaotoa umbali. Kwa kuwa unalikaribia kwa kilomita 30 kwa saa, mawimbi hurudi yamebanana kidogo: kwenye mitetemo bilioni 77 kwa sekunde huongezeka kama 4,300. Ongezeko hilo dogo ndilo linaloiambia kompyuta kasi ya lori, na gari linashuka hadi 50.

Sasa tuseme lori hilo lilikuwa limeharibika na kusimama katikati ya njia kabla hujalifikia. Mwangwi wake utasema kuna kitu kinachokukaribia kwa 80. Lakini kibao cha barabarani nacho kinasema hivyohivyo, na vyuma vya daraja pia. Gari likipiga breki kwa kila kimoja, hufiki Makambako. Kwa hiyo mifumo mingi huipuuza miangwi ya vitu vilivyosimama mpaka kamera ithibitishe kuwa hilo kweli ni gari. Mchana kamera huweza. Usiku, lori lisilo na taa, limejaa tope na limekaa mshazari, inaweza kulikosa. Na yale matawi ya miti ambayo utingo ameyatandaza nyuma ya lori, ambayo kila dereva wa huku anayaelewa, kwa mfumo huo si onyo.

Mlima Kitonga una tatizo jingine. Rada hutazama mbele kwa upana mdogo, na kwenye kona kali lori linatoka nje ya upeo wake. Mfumo unaona njia nyeupe, unaanza kuitafuta 80 uliyopanga. Usukani huuambia kona uliyomo, si ile inayokuja. Mimi hapo ningeuzima kabla ya kuanza kupanda.

Kamera nayo hutegemea weupe wa rangi juu ya weusi wa lami. Rangi ikifutika, alama ya mistari kwenye dashibodi hufifia na usukani haukusaidii tena. Ukungu wa Isyonje, unapotoka Uyole kwenda Tukuyu, hauisumbui sana rada, maana matone yake ni madogo mno kuliko wimbi la milimita 4. Kamera ndiyo inayopofuka, na mifumo inayotegemea vyote viwili hujizima, ikikuachia usukani na breki.