Macho yanayochoma alasiri: si maji yaliyopungua, ni mafuta

Je, wajua kwamba mtu anaweza kuwa na ugonjwa wa macho makavu huku machozi yanamtiririka mashavuni? Ukimwambia macho yake ni makavu, atakukatalia, na ana haki. Anajifuta kwa leso kutwa nzima, ukavu utoke wapi?

Jibu liko kwenye utando mwembamba mno unaofunika mboni na weupe wa jicho, wenye unene wa takriban sehemu 3 kati ya elfu moja za milimita. Chini kabisa kuna ute unaoushikiza utando huo kwenye jicho. Juu ya ute kuna maji ya chumvi, ambayo ndiyo tunayoyaita machozi. Na juu ya maji kuna mafuta, tabaka jembamba kuliko yote, nalo ndilo linalozuia maji yasikauke kwa hewa. Kazi yake ni ile ya mafuta yanayoelea juu ya supu: yakiwepo, mvuke unatoka taratibu, ukiyaengua, unatoka kwa kasi. Kwa wagonjwa walio wengi, tezi za machozi zinatoa maji ya kutosha. Kilichoharibika ni mafuta, na maji yanakauka kabla ya muda wake. Jicho likishakauka, neva zake hupiga kelele, tezi kubwa ya machozi inaitikia kwa kumwaga maji mengi kwa mkupuo, na maji hayo yasiyo na mafuta ya kutosha yanamwagika shavuni bila kulituliza jicho.

Mafuta hayo hutoka wapi? Mbele ya kioo, vuta kope ya chini polepole utazame ukingo wake, nyuma kidogo ya mstari wa nywele. Utaona vitundu vidogo vilivyojipanga. Kila kitundu ni mdomo wa tezi moja. Kope ya chini ina tezi 20 hadi 30, na ya juu huwa na nyingi zaidi. Zinaitwa tezi za Meibomi, kwa jina la daktari Mjerumani Heinrich Meibom aliyeandika habari zake mwaka 1666. Tezi hizi hukamuliwa na kule kupepesa macho: kope ya juu inashuka, inagusana na ya chini, misuli inabana, mafuta yanatoka, kisha kope ikipanda inayatandaza juu ya maji. Kope zisipogusana, mafuta hayatoki vizuri.

Hapo ndipo skrini inapoingia. Mtu anayezungumza na mwenzake hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika, wengine hata 20. Akikazia macho kompyuta au simu, mara hizo hushuka mpaka 5 au 6, na nyingi kati ya hizo huwa nusu nusu: kope inashuka kidogo, inarudi juu kabla ya kufika chini. Mwenyewe hajui.

Tumchukue mhasibu wa miaka arobaini na kitu, ofisini katikati ya Dar es Salaam, mwisho wa mwezi, kiyoyozi kikimpulizia usoni. Tuseme mafuta yake yameanza kuwa mazito, kwa hiyo utando wa machozi yake unadumu sekunde 6 baada ya kila kupepesa, kisha unachanika. Akiwa anapiga soga na wenzake anapepesa mara 15 kwa dakika, yaani kila baada ya sekunde 4. Utando unafanywa upya kabla haujachanika, na hasikii chochote. Akirudi kwenye hesabu zake anapepesa mara 6 kwa dakika, kila baada ya sekunde 10. Sasa katika kila sekunde 10 kuna sekunde 4 ambazo sehemu fulani ya jicho iko wazi, haina kinga. Kwa dakika moja ni sekunde 24. Kwa saa moja ni dakika 24. Akianza kazi saa mbili asubuhi, ikifika saa nane mchana jicho lake limekaa wazi kwa jumla ya saa mbili na zaidi. Chumvi ya machozi imekolea, seli za juu zimeanza kujeruhika, na kila kope inayopita inakwangua. Ndiyo maana anahisi mchanga machoni wakati hakuna hata chembe moja. Mwenzake wa meza ya pili, ambaye utando wake unadumu sekunde 15, anafanya kazi ile ile chini ya kiyoyozi kile kile na anatoka jioni macho yakiwa salama.

Hesabu hiyo inaeleza pia kwa nini ni alasiri. Ukavu huu hujilimbikiza. Anayeamka asubuhi macho yakimuuma kuliko jioni atafute sababu nyingine, kwa mfano ukingo wa kope uliovimba na wenye magamba, au kope zisizofunga vizuri usingizini. Na kama kinachomsumbua zaidi ni mwasho unaomfanya ayafikiche macho, huenda ni mzio.

Kwa daktari kipimo ni chepesi. Jicho linatiwa tone la rangi iitwayo fluoresini, linamulikwa kwa mwanga wa buluu, na utando wote unang'aa kijani. Mgonjwa anaambiwa asipepese. Daktari anahesabu mpaka doa jeusi la kwanza litokee: hapo utando umechanika. Chini ya sekunde 10 si hali nzuri. Kisha anabonyeza kope kwa kidole. Mafuta mazima hutoka maangavu na mepesi. Yaliyoharibika hutoka meupe na mazito, au hayatoki kabisa.

Mafuta yaliyoganda yanahitaji joto. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto yanayovumilika, kamua, jaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono, kisha kanda kope zikiwa zimefungwa kwa dakika 5 hadi 10. Kitambaa hupoa upesi, na wengi hukosea hapo: wanakiacha tu mpaka kiwe baridi, na kitambaa baridi hakiyeyushi kitu. Kichovye tena na tena. Baadaye kanda kope kwa kidole safi kuelekea ukingoni, ya juu ukishuka na ya chini ukipanda. Kazini, geuza upepo wa kiyoyozi au feni usikupige usoni, shusha skrini iwe chini kidogo ya usawa wa macho ili kope zifunike sehemu kubwa ya jicho, na kila baada ya dakika 20 hivi funga macho kabisa, yabane kidogo, fungua, rudia mara kadhaa.

Machozi bandia husaidia. Anayehitaji kuyatia zaidi ya mara 4 kwa siku atafute yasiyo na dawa ya kuhifadhi, kwa sababu dawa hiyo nayo hulijeruhi jicho. Matone ya kuondoa wekundu hubana mishipa tu, na wekundu hurudi ukiacha. Ya kuogopa zaidi ni matone ya steroidi, kama deksamethasoni, yakinunuliwa dukani bila cheti. Yanatuliza kweli, tena haraka, lakini yakitumiwa kwa muda mrefu bila kupimwa yanaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

Kukanda kunahitaji wiki kadhaa kabla ya kuona nafuu, na kuna mpaka wake. Tezi iliyoziba kwa miaka husinyaa, na iliyokwisha kusinyaa kabisa kwa kawaida hairudi. Macho yakichoma kila alasiri kwa wiki kadhaa mfululizo, nenda kliniki ya macho tezi zikaguliwe; ukiona ukungu, ukiumizwa na mwanga au ukisikia maumivu makali, nenda siku hiyo hiyo.