Asidi Isiyo na Protoni ya Kutoa

Vitabu vingi vya sekondari hufundisha kwamba asidi ni kitu kinachotoa protoni na besi ni kitu kinachoipokea. Protoni inayozungumziwa hapo ni atomi ya haidrojeni iliyoachwa bila elektroni yake. Fasili hii ilitolewa mwaka 1923 na Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, na inatosha kabisa kueleza siki, maji ya ndimu na asidi ya betri. Ina sharti moja tu: kisicho na haidrojeni hakiwezi kuwa asidi.

Mwaka huohuo Gilbert Lewis, mkemia wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, alichapisha kitabu kuhusu muundo wa atomi na molekuli, na humo akaligeuza swali. Badala ya kuifuata protoni inayohama, alizitazama elektroni zinazoipokea. Protoni haina elektroni hata moja, hivyo haiwezi kushikamana na chochote mpaka ipate atomi yenye jozi ya elektroni isiyo na kazi, yaani jozi huru, iliyo tayari kushirikiwa. Kwa Lewis, mwenye jozi hiyo ndiye besi, na anayeipokea ndiye asidi. Protoni inabaki kuwa asidi kama zamani, lakini sasa ni mpokeaji mmoja miongoni mwa wengi. Wazo hilo halikupata wafuasi wengi mpaka mwaka 1938, Lewis aliporudi kulitetea kwa majaribio.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa gesi mbili. Ya kwanza ni amonia, NH3, ambayo harufu yake kali inajulikana kwa yeyote aliyewahi kuingia banda la kuku lisilosafishwa. Atomi ya nitrojeni ina elektroni tano za nje. Tatu inazitumia kushikana na haidrojeni tatu, na mbili zinabaki kama jozi huru. Gesi ya pili ni boroni traifloraidi, BF3. Boroni ina elektroni tatu tu za nje, na ikishazishirikisha na florini tatu inakuwa imezungukwa na elektroni sita, pungufu ya nane zinazohitajika ili itulie. Ina nafasi tupu ya jozi moja kamili. Gesi hizi zikikutana hutokea unga mweupe papo hapo: nitrojeni imetoa jozi yake, boroni imeipokea, na molekuli mbili zimekuwa moja. Hakuna protoni iliyotoka mahali ilipokuwa, na hakuna maji yaliyohusika.

Kinachotokea ndani ya molekuli kinaweza kupimwa. Kabla ya kukutana na amonia, BF3 ni bapa kabisa, florini zake tatu zikiwa zimeizunguka boroni kwenye pembe za nyuzi 120. Jozi ya nitrojeni inapoingia kwa upande mmoja, florini husukumwa nyuma na umbo lote hubadilika kuwa la piramidi yenye pande nne. Umbali kati ya boroni na florini nao huongezeka, kutoka pikomita 131 hadi kama 138. Unga huu haukuwa mgeni: Mfaransa Gay-Lussac alikwisha kuutengeneza mwanzoni mwa karne ya 19, miaka mia moja na zaidi kabla ya yeyote kuweza kueleza kwa nini gesi hizo mbili zinapendana kiasi hicho.

Kurefuka huko kwa vifungo kunasaidia kutatua jambo ambalo huwakwaza wanafunzi hadi leo. Florini huvuta elektroni kwa nguvu kuliko klorini, kwa hiyo ingetarajiwa kwamba boroni iliyozungukwa na florini iwe na njaa zaidi ya elektroni, na BF3 iwe asidi kali kuliko BCl3. Joto linalotoka pale kila moja inapoungana na besi iitwayo piridini linaonyesha kinyume chake: BCl3 ni kali kuliko BF3, na ile yenye bromini ni kali zaidi ya zote mbili. Sababu ni kwamba florini, yenye jozi zake nyingi na ukubwa unaokaribiana na wa boroni, huiazima boroni sehemu ya jozi hizo na kuziba kidogo ule upungufu. Ili boroni ipokee jozi ya mgeni, mkopo huo lazima kwanza urudishwe, na gharama yake ndiyo inayoonekana kwenye vifungo vilivyorefuka. Ni onyo zuri kwa anayetaka kukadiria ukali wa asidi kwa kanuni moja tu.

Mpokeaji anayepatikana kwa urahisi zaidi Afrika Mashariki ni shabu, yale mawe meupe yanayouzwa sokoni kwa ajili ya kutulizia maji ya tope. Shabu ni chumvi ya alumini na salfeti, mara nyingi ikiwa na potasiamu pia. Kipande chake kikiyeyushwa katika maji safi, karatasi ya litmasi ya bluu huwa nyekundu. Chumvi ya mezani ikiyeyushwa vivyo hivyo, litmasi haibadiliki. Zote mbili ni chumvi, na si ioni ya alumini wala ya sodiamu iliyo na protoni ya kutoa. Uchachu umetoka wapi?

Umetoka kwenye maji yenyewe. Ioni ya alumini ni ndogo na imebeba chaji tatu za chanya, kwa hiyo hujikusanyia molekuli sita za maji, kila moja ikiielekezea jozi ya elektroni kutoka kwenye oksijeni yake. Alumini ni asidi ya Lewis, maji ni besi. Oksijeni iliyotoa jozi inabaki na upungufu, nayo huzivuta kwake elektroni zinazoishikilia haidrojeni. Kifungo hicho kikilegea, protoni moja hukimbilia molekuli ya maji ya jirani, na hapo maji huwa machachu. Sodiamu ina chaji moja tu na umbo kubwa zaidi. Huyashika maji kwa ulegevu na kuyaacha kama yalivyo. Tofauti hiyo si ndogo. Myeyusho wenye gramu 47 hivi za shabu ya potasiamu katika lita moja una pH inayokaribia 3, sawa na wa asidi ya siki yenye idadi ileile ya molekuli.

Wa Brønsted anaweza kusema kwamba hapo hakuna jipya, kwa sababu mwishowe protoni imehama. Ni kweli, na ndani ya maji fasili zote mbili hupatana vizuri. Hata hivyo ile ya protoni inaanzia kwenye tokeo. Ya Lewis inaonyesha chanzo chake, na tena inaeleza kazi nyingine ya alumini ambayo haiwezi kusomwa kwa kufuata protoni peke yake: kuondoa floraidi katika maji ya kunywa.

Kaskazini mwa Tanzania, hasa Arusha na Kilimanjaro, visima na mito mingi ina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na kiasi kikizidi sana kwa miaka mingi mifupa huharibika. Njia moja iliyotokea Nalgonda nchini India, na kujaribiwa Tanzania kwa ndoo za nyumbani, ni ya shabu na chokaa. Katika ndoo ya lita 20 hutiwa takriban gramu 13 za shabu na gramu 6 za chokaa, maji hukorogwa kwa kasi kama dakika moja, kisha taratibu kwa dakika tano, na huachwa yatulie kwa saa moja. Mabonge mepesi meupe hushuka chini. Maji ya juu huchotwa kwa bomba lililofungwa sentimita chache juu ya kitako, ili mashapo yasitikisike.

Floraidi ni besi yenye jozi nne za elektroni, na alumini inazipenda mno. Haidroksaidi, OH, ni besi nyingine inayowania nafasi zilezile kwenye alumini. Kazi nzima ya ndoo ni kuwapatanisha washindani hao wawili. Shabu peke yake ingeyafanya maji kuwa machachu, na katika maji machachu haidroksaidi ni chache: floraidi huishika alumini, lakini vyote viwili hubaki vimeyeyuka, na mnywaji huvimeza pamoja. Chokaa huleta haidroksaidi za kutosha kujenga mabonge ya alumini haidroksaidi, na floraidi huchukua nafasi ya baadhi yake na kuzama nayo. Chokaa ikizidi, haidroksaidi huifukuza floraidi irudi majini. Ikizidi zaidi, mabonge nayo huanza kuyeyuka, kwa sababu alumini haidroksaidi bado ina nafasi ya kupokea jozi nyingine na kugeuka ioni inayoyeyuka, Al(OH)4 yenye chaji moja ya hasi. Ndiyo maana sufuria ya alumini huliwa na kubadilika rangi ikipikiwa vyakula vyenye magadi mengi.

Mahali pazuri ni pH ya 6 hadi 7 na kidogo zaidi. Mwenye ndoo anaweza kutambua mambo yakienda kombo: maji yakibaki na ukungu bila mabonge kuonekana, uwiano umeharibika upande mmoja au mwingine, na karatasi ya kupimia pH itasema ni upi. Hata mambo yakienda sawa, floraidi haiondoki yote, na maji hubaki na salfeti nyingi iliyoletwa na shabu.

Swali linalobaki ni kwa nini alumini ipende floraidi na oksijeni kuliko, kwa mfano, salfa. Hapa fasili ya Lewis inafika mpaka wake. Ukali wa asidi za protoni hupimwa kwa kipimo kimoja ndani ya maji. Wa asidi za Lewis hautulii kwenye mstari mmoja, maana unabadilika kufuatana na besi iliyopo. Mwaka 1963 Ralph Pearson, Mmarekani, alipendekeza zigawanywe katika ngumu na laini. Ngumu ni ndogo, zenye chaji nyingi na elektroni zisizotikisika, kama alumini, na huchagua besi za aina hiyo: oksijeni na florini. Laini ni kubwa na elektroni zake hutikisika kirahisi, kama zebaki, nazo hukimbilia salfa. Ardhini mgawanyo huo unaonekana bila maabara: madini ya alumini ni boksiti, ambayo ni oksaidi na haidroksaidi, na madini makuu ya zebaki ni sinaba, ambayo ni salfaidi. Kanuni ya Pearson inaeleza mwelekeo na haitoi hesabu. Anayetaka kujua floraidi kiasi gani itabaki kwenye ndoo bado hana budi kupima.