Jinsi jedwali linavyomfupisha kijana wa 5.10

Tangazo la Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) la kuandikisha makurutu huandika kimo cha chini kwa njia mbili: mita 1.60, kisha kwenye mabano futi 5 na inchi 3. Basi kila msimu wa kuandikisha ukikaribia, vijana hupimana ukutani na kutumiana vimo kwa simu. Msomaji mmoja wa Machakos, anayefanya kazi katika saiba, aliombwa akusanye vimo hivyo kwenye jedwali moja, vyote kwa sentimita. Swali lake lilikuwa fupi: kwa nini orodha yake imejaa vijana wa sentimita 155, ilhali wanaoingia mlangoni ni warefu?

Hesabu yenyewe haina utata. Tangu mwaka 1959, inchi moja ni sentimita 2.54 kamili, bila salio, na futi moja ni inchi 12. Anayesema futi 5 na inchi 8 ana inchi 68, na 68 mara 2.54 ni 172.72. Kosa huingia mapema zaidi, baina ya kidole cha kijana kwenye simu na kisanduku cha jedwali, na limejificha ndani ya nukta.

Vijana wengi hawaandiki 5'8". Alama zile zinachosha kuzitafuta kwenye simu, kwa hiyo huandika 5.8. Anayeandika hivyo anajua maana yake, na rafiki yake anajua, lakini kompyuta haijui. Kwayo 5.8 ni futi tano na sehemu nane za kumi za futi, ambazo ni sentimita 176.8. Kijana ameongezwa sentimita nne asizokuwa nazo.

Fikiria mwenye duka la vifaa vya shule anayehesabu madaftari kwa dazani. Akiwa na dazani 5 na madaftari 8, atasema ana madaftari 68, na hakuna atakayebishana naye. Akiongeza moja ana dazani 5 na 9, akiongeza jingine ana dazani 5 na 10, kisha 5 na 11, na likija la kumi na mbili anafunga kamba na kuandika dazani 6. Futi ni dazani ya inchi, wala si zaidi. Sasa mpe karani wa duka hilo kitabu kinacholazimisha kila hesabu iandikwe kwa desimali, aandike 5.8 kisha azidishe kwa 12. Atapata madaftari 69.6, yaani amegundua daftari moja na kipande cha la pili ambavyo havimo dukani. Na siku mzigo ukifika dazani 5 na 10, ataandika 5.10, kitabu kitafuta sufuri ya mwisho kwa kuwa haina kazi katika desimali, na kesho yake atasoma 5.1: dazani 5 na daftari moja. Madaftari tisa yametoweka bila mwizi kuingia.

Hilo ndilo lililowapata vijana wa Machakos. Nukta waliyoandika ni nukta ya mpaka: inatenga futi na inchi kama ukuta unavyotenga vyumba. Jedwali likaisoma kuwa nukta ya desimali. Kwa nukta ya mpaka, 5.1 na 5.10 ni watu wawili tofauti, mmoja wa sentimita 154.9 na mwingine wa 177.8. Kwa nukta ya desimali ni namba ileile. Mara tu mtu anapobonyeza kitufe cha kuingiza, sufuri imekwenda, na hakuna fomula itakayoirudisha, kwa sababu kisanduku hakikuihifadhi popote. Wengine hujaribu kuamuru jedwali lionyeshe tarakimu mbili baada ya nukta. Hapo 5.1 zote hugeuka 5.10, na wafupi halisi wanarefushwa pamoja na waliofupishwa.

Dalili yake huonekana kwa macho. Wanaume wa Kenya wanakaribia sentimita 170 kwa wastani, kwa hiyo katika orodha ya wanaume wazima, wenye futi 5 na inchi 10 wanatakiwa kuwa wengi kuliko wenye futi 5 na inchi 1. Ukiona lundo kwenye 5.1, halafu 5.9 na 5.11 zina watu lakini 5.10 haina hata mmoja, umelipata shimo.

Wanaotumia kistari wanapatwa na jambo la ajabu zaidi. Andika 5-10 kwenye jedwali lililowekwa mpangilio wa tarehe unaotumika Kenya, nalo litadhani ni tarehe 5 Oktoba. Nyuma ya pazia huihifadhi kama idadi ya siku. Kwa mwaka 2025 ni 45935. Ukiizidisha kwa 2.54 utapata mtu mrefu kupita kilomita moja, jambo ambalo angalau halimdanganyi yeyote.

Dawa ni kuliambia jedwali, kabla ya kubandika chochote, kwamba safu hiyo ni maandishi matupu. Katika Google Sheets ni Format, kisha Number, kisha Plain text. Baada ya hapo, ujumbe ukiwa kwenye A2, fomula hii huwekwa B2:

```
=REGEXEXTRACT(A2,"([0-9]+)[^0-9]+([0-9]+)")
```

Inatafuta tarakimu, kisha chochote kisicho tarakimu, kisha tarakimu tena. Futi zinaingia B2 na inchi C2. Uzuri wake ni kwamba haijali kilicho katikati: iwe alama iliyonyooka, iliyopinda kama simu nyingi zinavyoandika, nukta au kistari. Muhimu kwetu, haijali pia mahali pa jina la kipimo. Fomula nyingi zilizotungwa kwa Kiingereza hutafuta namba iliyotangulia neno, na Kiswahili hutanguliza neno. Ukizipa "futi 5 inchi 8", zinaweza kuiona 5 iliyo kabla ya "inchi" na kukupa mtu wa sentimita 12.7. Hii inasoma 5 na 8 kwa mpangilio wake. Na kisanduku ambacho tayari kimegeuka namba au tarehe huikataa fomula na kutoa kosa, kwa hiyo waliomezwa wanajitokeza wenyewe.

Sentimita zinakuja D2:

```
=IF(AND(B2>="4",C2*1<12),ROUND((B2*12+C2)*2.54,1),"uliza")
```

Kijana aliyeandika 5'8” anapata 172.7, namba tupu isiyobandikwa "cm", ili iweze kupangwa na kutafutiwa wastani. Aliyeandika mita, 1.75, anaangukia kwenye "uliza", maana hakuna mtu mzima wa futi moja. Aliyeandika "futi 5" bila inchi anatoa kosa, naye huongezewa sufuri kwa mkono.

Anayebaki ni mwenye 5.5. Inaweza kuwa futi tano na inchi tano, sentimita 165.1, au futi tano na nusu, yaani futi tano na inchi sita, sentimita 167.6. Fomula itachagua ya kwanza kimyakimya. Karani wa saiba azichuje 5.5 zote kabla ya kuipeleka orodha, na awapigie simu wenyewe.