Andika mpango wa kipandauso kabla hakijakushika

Kipandauso kinapofika kileleni, mama aliye hodari kabisa hawezi kusoma maandishi kwenye pakiti ya dawa. Mwanga unamchoma, sauti ya mtoto inampiga kichwani kama nyundo, tumbo linapinduka. Akiulizwa "Umekunywa dawa saa ngapi?" hakumbuki. Ndiyo maana mpango huandikwa siku ambayo kichwa ni kizima, ukabandikwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuusoma na kuufuata.

Nitakueleza kupitia mama mmoja ninayemtembelea. Ni fundi cherehani, ana watoto wawili, mdogo ana mwaka na nusu. Kipandauso humjia mara mbili au tatu kwa mwezi. Kila mara alikuwa anavumilia kwanza, akimalizia kushona nguo ya mteja. Maumivu yakizidi ndipo anameza dawa, kisha anazitapika. Siku moja alilala chumbani bila kumwambia mtu. Jirani alimkuta mtoto amekaa hatua mbili kutoka kwenye jiko la mkaa. Siku hiyo tukakaa na daftari.

Kwanza, jua kinavyoanza kwako

Kabla ya mpango wowote, nenda zahanati mara moja uthibitishiwe kwamba kweli ni kipandauso. Wengi wetu tukiumwa kichwa tunasema "ni malaria" na kunywa dawa bila kupima. Kipandauso mara nyingi huuma upande mmoja, hupiga kama mapigo ya moyo, huzidi ukitembea, na huja na kichefuchefu au kuchukia mwanga. Hakileti homa. Bila dawa huweza kudumu saa 4 hadi 72.

Baada ya hapo, jiangalie. Yule fundi aligundua kwamba saa chache kabla ya maumivu anapiga miayo mingi, shingo inakaza na anakuwa mkali kwa watoto. Wengine huona vimulimuli au mistari ya mwanga iliyopindapinda, au hupata ganzi inayotambaa taratibu kutoka vidoleni kwenda juu hadi mdomoni. Hali hiyo ya kuona mwanga au ganzi huwa ya dakika 5 hadi saa 1, kisha inaisha.

Dalili zako ziandike mstari wa kwanza wa mpango. Kama huwa unaona vimulimuli au kupata ganzi, mwambie pia nesi wa uzazi wa mpango. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili vinaongeza hatari ya kiharusi kwa mwanamke wa namna hiyo, na zipo njia nyingine atakazokuchagulia.

Dawa: wahi, na andika saa

Wakati wa kipandauso tumbo hupunguza mwendo. Kidonge ulichomeza mapema, maumivu yakiwa bado madogo, huingia kwenye damu. Kile ulichomeza baada ya saa tatu hukaa tumboni, kisha kinatoka na matapishi. Kwa hiyo kanuni ni moja: meza dawa maumivu yakiwa bado madogo, ndani ya saa 1 tangu yaanze. Usisubiri uone kama yatapoa yenyewe.

Yule fundi ana kilo 62, hana ujauzito, hana vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo. Mpango aliopewa na tabibu wake ni huu. Siku moja maumivu yalianza saa nane mchana. Saa nane na nusu alikula kipande cha mkate, akameza ibuprofeni miligramu 400, yaani vidonge 2 vya miligramu 200. Binti wa dada yake akaandika saa kwenye karatasi.

Saa kumi na nusu, baada ya saa 2, walipima: maumivu yamepungua au la? Yalikuwa yamebaki karibu nusu. Akameza parasetamoli miligramu 1000, yaani vidonge 2 vya miligramu 500. Dawa hizi mbili ni za aina tofauti, kwa hiyo mtu mzima wa uzito huo anaweza kuzitumia zote. Ibuprofeni nyingine hakuruhusiwa kuigusa kabla ya saa mbili na nusu usiku, na parasetamoli kabla ya saa nne na nusu usiku, kwa sababu kila moja inahitaji saa 6 kabla ya kurudiwa. Kwa siku nzima asizidishe vidonge 6 vya ibuprofeni hiyo wala vidonge 8 vya parasetamoli.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la kuchanganya. Vidonge vingi vya maumivu dukani vina dawa mbili au tatu ndani yake: parasetamoli pamoja na ibuprofeni au aspirini, na kafeini. Ukimeza hivyo halafu ukaongeza parasetamoli, umejizidishia bila kujua. Diklofenaki nayo ni ndugu wa ibuprofeni, usizitumie pamoja. Soma majina madogo nyuma ya pakiti, au mwombe muuzaji wa dawa akusomee.

Kuna watu ambao mpango huu si wao. Mjamzito asitumie ibuprofeni; aanze na parasetamoli na aongee na kliniki yake. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayochochewa na dawa hizi, aiache ibuprofeni. Anayenyonyesha anaweza kutumia parasetamoli au ibuprofeni, lakini si aspirini. Mtoto dozi yake hufuata kilo zake, kwa hiyo apimwe na aandikiwe kituoni; aspirini asipewe kabisa.

Kama huwa unatapika, mwambie tabibu akuandikie dawa ya kichefuchefu kabla ya siku yenyewe, kwa mfano metoklopramaidi, na iandikwe kwenye mpango imezwe lini. Shingo, taya au macho vikianza kujikunja baada ya kuimeza, acha dawa hiyo na uende kituoni. Ukitapika mara tu baada ya kumeza, na ukakiona kidonge kizima, unaweza kurudia mara 1. Kama hukukiona, kihesabu kwamba kimeingia.

Jambo la mwisho la dawa: weka alama kwenye kalenda kila siku unayomeza. Zikizidi siku 2 kwa wiki, mwezi baada ya mwezi, dawa zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Ukifika hapo usiongeze vidonge. Rudi kwa tabibu muongelee dawa ya kuzuia.

Maji: kidogo kidogo

Kama hutapiki, maji ya kawaida yanatosha, glasi moja kila baada ya saa moja au mbili ukiwa macho. Kama unatapika, changanya pakiti 1 ya ORS kwenye lita 1 ya maji safi kama pakiti inavyoelekeza. Usinywe kikombe kizima kwa pupa, maana kitarudi. Kunywa kijiko kimoja cha chakula kila baada ya dakika chache. Ukitapika, pumzika dakika 10 kisha anza tena polepole. Maji hayo yakifikisha saa 24, yamwage.

Anayekuuguza aangalie mkojo. Saa 8 bila kukojoa, au mkojo mdogo wa rangi ya chai, ni dalili kwamba mwili umekauka. Hapo usimeze ibuprofeni tena, kwa sababu figo zisizo na maji huumizwa nayo. Nenda kituoni.

Lini usisubiri mpango

Sehemu hii iandikwe kwa kalamu nyekundu, na asiye mgonjwa ndiye aisome. Mpeleke hospitali mara moja akiwa na jambo lolote kati ya haya:

- Maumivu yaliyolipuka ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika 1 au chache, kuliko yote aliyowahi kupata.
- Mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea, au maneno kutotoka vizuri. Ganzi ya kipandauso hutambaa taratibu. Ya kiharusi hupiga ghafla. Hata hivyo usikae ukikisia: ikiwa ni mara ya kwanza, au imezidi saa 1, nenda.
- Homa pamoja na shingo ngumu, degedege, kuchanganyikiwa au usingizi usioamshika.
- Maumivu baada ya kuanguka au kugongwa kichwa.
- Mimba iliyozidi wiki 20, au mama aliyejifungua ndani ya wiki 6, mwenye kichwa kikali, macho kuona ukungu, uso kuvimba au maumivu juu ya tumbo. Hicho kinaweza kuwa kifafa cha mimba kinachokuja. Presha yake ipimwe siku hiyo hiyo, hata kama amekuwa na kipandauso miaka yote.

Nenda pia siku hiyo hiyo kama kinatapisha kila kitu, kama kimezidi saa 72, au kama safari hii hakifanani na vile vya kawaida. Ukiwa na homa, pima malaria na uache ibuprofeni na aspirini hadi uonwe, kwa sababu kama ni dengi dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu.

Karatasi yenyewe

Karatasi ya yule fundi ipo nyuma ya mlango wa chumba. Imeandikwa hivi:

"Kinaanza kwa miayo na shingo kukaza. Uzito kilo 62. Sina mimba (kama siku zimechelewa, nipime kwanza). Nikisema 'kimeanza': mtoto mdogo aende kwa mama wa jirani, jiko lizimwe. Ibuprofeni 2 pamoja na chakula, andika saa. Baada ya saa 2, kama bado: parasetamoli 2, andika saa. Kila dawa irudiwe baada ya saa 6. Pazia lishushwe, kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso. ORS kijiko kijiko. Nyekundu ikitokea: piga simu ya dereva wa bajaji, namba hii hapa. Nauli iko kwenye kopo la sukari la zamani."

Dawa na pakiti mbili za ORS ziko kwenye mfuko juu ya kabati, mbali na watoto, na tarehe ya kuisha imeandikwa nje ya mfuko. Binti wa dada yake na jirani wote wameisoma karatasi, na walishaifanyia zoezi siku ya kawaida: mtoto alipelekwa, namba ikapigwa, ikaonekana dereva amebadilisha laini. Namba mpya ikaandikwa.

Wewe pia ukimaliza kuandika ya kwako, nenda nayo zahanati tabibu aisome. Uibadilishe kila mara uzito, ujauzito au dawa zako nyingine zinapobadilika.