Bafa: mchanganyiko unaozuia uchachu kupanda

Chukua lita moja ya maji safi, yenye pH 7. Tia moli 0.01 tu za asidi hidrokloriki, na pH huporomoka hadi 2. Kila hatua moja ya kushuka ni uchachu kuongezeka mara 10, kwa hiyo hapa umeongezeka mara 100,000.

Sasa rudia jaribio hilo katika lita moja yenye moli 0.1 za asidi asetiki, ile ile ya siki, na moli 0.1 za sodiamu asetati. pH inaanzia 4.76. Ukitia asidi kiasi kile kile, inashuka hadi 4.67 tu.

Kinachofanya maji kuwa machachu ni ioni za haidrojeni zinazoelea huru. Asetati huzidaka zinapoingia na kugeuka asidi asetiki, ambayo ni dhaifu na haiziachii kwa urahisi. Asetati hupungua hadi moli 0.09, asidi asetiki hufika 0.11, uwiano wao haujabadilika sana, na uwiano huo ndio unaoamua pH. Ukitia alkali badala ya asidi, zamu ni ya asidi asetiki: hutoa haidrojeni zake na kuizimua.

Lakini akiba hiyo ina mwisho. Moli 0.1 za asidi kali zikishaingia, asetati karibu yote imekwisha, na asidi inayoendelea kutiwa huishusha pH kwa kasi zaidi kuliko mwanzoni.