Saa Haipimi Chenga

Koni kumi zimepangwa kwa mstari. Mwalimu anapuliza kipyenga na kubonyeza saa, na anayefika mwisho kwa sekunde chache ndiye anayepata alama nyingi. Zoezi hili limezoeleka katika viwanja vya shule, lakini linapima mbio kuliko linavyopima ufundi wa kukokota mpira. Mwenye miguu mirefu anaweza kuutupa mpira mbele na kuukimbilia, akamshinda mwenzake aliyeuweka karibu na mguu kila hatua. Isitoshe, koni haitoi mguu kunyang'anya mpira.

Kasoro hiyo huumiza zaidi pale darasa moja linapokuwa na anayechezea timu ya mtaa na ambaye hajawahi kumiliki mpira. Tathmini endelevu hujaribu kuiondoa kwa jedwali la viwango, yaani maelezo ya kile hasa ambacho mwalimu anapaswa kukiona mwanafunzi akiwa na mpira.

Nchini Kenya, mtaala wa umilisi umewazoesha walimu viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio. Majina hayo peke yake hayamwongozi mtu uwanjani. Mwalimu akiandika tu kwamba mwanafunzi “anamiliki mpira vizuri”, kila mtazamaji atakuwa na “vizuri” yake. Afadhali aeleze umbali: aliye mbali na matarajio huupoteza mpira mara kwa mara hata akitembea, anayekaribia huumudu akitembea, lakini akikimbia unamtoroka, aliyefikia hukimbia taratibu mpira ukiwa ndani ya hatua moja, aliyezidisha hufanya hivyo akibadilisha kasi na kutumia miguu yote miwili.

Vigezo vitatu vinatosha: ukaribu wa mpira, kuinua macho, na kubadili mwelekeo. Kigezo cha macho hupimwa kirahisi. Wanafunzi sita, kila mmoja na mpira wake, hukokota ndani ya mraba wa hatua kumi kwa kumi. Mwalimu huinua vidole, nao hutaja idadi bila kusimama. Anayetazama mpira muda wote hukosa kuviona, au hugongana na wenzake.

Tuchukue wanafunzi wawili. Wa kwanza ana kasi na anasifika shuleni, ila hutumia mguu wa kulia tu na hainui macho. Wa pili ni mgeni wa mchezo. Hukokota polepole, mpira ukiwa karibu, na kila mara hutaja idadi sahihi ya vidole. Saa ingempa wa kwanza ushindi wa wazi. Jedwali linaonyesha kwamba katika kigezo cha macho yeye ndiye aliye nyuma, na kwamba wa pili anahitaji kuongeza mwendo. Kila mmoja anaondoka na kazi yake ya juma linalofuata.

Kazi hizo hazilazimiki kufanana. Anayeanza hukokota bila mpinzani. Akiweza, huwekewa mpinzani anayemzuia kwa mwili bila kugusa mpira, kisha anayeruhusiwa kuunyang'anya. Haki inadai mazingira hayo yaandikwe kando ya kiwango, kwa kuwa “amefikia matarajio, bila mpinzani” si sawa na “amefikia matarajio, mpinzani akiwa huru”. Mwalimu asipoandika hivyo, atawapa alama moja watu waliofanya kazi tofauti.

Maoni pia yana wakati wake. Utafiti wa Ruth Butler uliochapishwa mwaka 1988 ulionyesha kuwa wanafunzi waliopewa maoni pekee waliendelea vizuri zaidi, ilhali waliopewa maoni pamoja na alama hawakupata faida hiyo. Hivyo katika majuma ya mazoezi inafaa mwanafunzi aambiwe “gusa mpira kwa hatua fupi zaidi”, na alama ibaki kwenye daftari la mwalimu.

Jedwali nalo lina mipaka. Mwalimu mmoja hawezi kuwatazama wanafunzi 40 kwa kipindi kimoja. Anaweza kuchagua wanane kila kipindi na kuwazungukia wote kwa vipindi vitano. Jina la nyota wa shule nalo humfanya aone ufundi usiokuwepo. Dawa yake ni walimu wawili kuwatazama wanafunzi watano walewale bila kushauriana, kisha kulinganisha. Wakitofautiana kwa viwango viwili kuhusu mtoto mmoja, wayapitie tena maneno ya jedwali, maana huenda hayajaeleweka kwa namna moja. Uwanja wenye mashimo nao huutorosha mpira, kwa hiyo wote wapimwe sehemu moja na kwa mpira wa aina moja.

Muhula ukiisha, wastani wa alama zote humwadhibu aliyeanza chini, kwa sababu makosa ya juma la kwanza yanamfuata hadi mwisho. Alama ya haki zaidi hutokana na mara mbili za mwisho alizotazamwa, na zikipingana, mwanafunzi hutazamwa mara ya tatu.